Faili Tatu za Kiwanja Kimoja

Ofisi yetu iko Nkuhungu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kwa miaka mingi tulichora viwanja kama watu wanaokula sahani moja gizani. Mchoro ulikuwa faili moja. Wa kwanza kuifungua ndiye mwenye nayo. Wa pili akiifungua, AutoCAD, programu tunayochorea, inamwambia hii ni ya kusoma tu, basi anajitolea nakala, anachora siku nzima, na jioni anairudisha juu ya kazi ya mwenzake. Hivyo ndivyo tulivyopoteza mfumo mzima wa maji machafu wa hosteli fulani. Aliyeuchora alikaa siku mbili bila kusema na mtu, na hakuna aliyemlaumu.

Mimi ndiye niliyeleta dawa, na sikuileta kwa unyenyekevu. Niliitisha kikao, nikachora visanduku ubaoni, nikaongea kama mhadhiri ambaye chuo hakikumwajiri. Kuanzia sasa, nilisema, kila mtu ana faili yake. Mpima ana faili ya upimaji: mipaka, miinuko, miti, kila kilichopo ardhini. Injinia ana faili ya barabara na mitaro. Mimi nina faili ya majengo. Kisha kuna faili ya nne, laha, yaani ukurasa unaochapwa, ambayo yenyewe haina kitu zaidi ya fremu na jina la mradi. Hizo nyingine tatu inazirejea tu. Unaziona ndani yake kama unavyomwona jirani dirishani, lakini huwezi kuingia kumpangia viti. Mwenye faili akirekebisha na kuhifadhi, kwenye laha kunatokea kijisanduku pembeni chini kikisema rejea hii imebadilika. Unaipakia upya, na badiliko linaingia.

Mpima, mzee wa Kondoa anayenizidi miaka kumi na anayeniita bosi kwa namna ambayo sijawahi kuifurahia, alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo bosi, nikikosea, kosa langu linabaki kwangu?"

"Kabisa, mzee."

"Na ukikosea wewe?"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka.

Mfumo ulifanya kazi vizuri. Mwaka huo tulipata kazi ya chuo kidogo cha ufundi upande wa Zuzu, shamba kubwa lililokuwa mahindi na uwele, wenyeji wakiwa wameshalipwa na kuhamia ng'ambo ya reli. Tulichora watatu kwa wakati mmoja bila kukanyagana. Injinia, binti mwenye akili na subira kidogo, alizoea kusema bila kugeuza kichwa, "Nimesevu, pakia," na mimi napakia, na mtaro mpya unatambaa kwenye laha yangu mbele ya macho yangu. Nilijisikia kama mfumo huo niliuvumbua mimi.

Tulipomtumia mwenye chuo toleo la pili kwa barua pepe, alipiga simu akiuliza kama tunamtania. Amefungua mchoro, ameona fremu, jina la kampuni yetu, na mistari mitatu ya maandishi isiyoeleweka. Bila shaka: nilikuwa nimemtumia dirisha bila majirani. Zile faili tatu zilibaki ofisini, na kompyuta yake ilikuwa inaonyesha tu mahali zilipotakiwa kuwa. Iko njia nzuri ya kufungasha faili zote pamoja, na naijua. Lakini alikuwa mkali, nami nilikuwa na haraka, nikatumia njia ya mkato: nikazifunga rejea zote ndani ya laha, zikawa mistari ya laha yenyewe. Nikamtumia, akaridhika.

Jambo hilo si kosa ukilifanya kwenye nakala. Mimi nilihifadhi juu ya laha yenyewe, kwa jina lilelile. Vidole vyangu vina tabia ya kuhifadhi kila baada ya dakika chache, kama mtu anayekohoa. Tangu saa ile laha ilikuwa hairejei tena faili ya mtu yeyote. Ilionekana vilevile, mstari kwa mstari.

Wiki mbili baadaye mpima alirudi Zuzu kuongeza vipimo vya miinuko, akarudi ofisini na habari. Mama mmoja alimfuata pale alipokuwa na chombo chake, akamshika mkono bila salamu ndefu na kumpeleka kwenye mawe matatu yaliyokuwa chini ya kichaka cha minyaa. Pale alizikwa mtoto wake, aliyeishi siku tisa. Wakati wa kuthamini mali mumewe alihesabiwa nyumba, zizi na miembe, akaweka sahihi. Kaburi hakulitaja. Mama alisema mumewe hajawahi kulitaja kwa mtu yeyote tangu siku ya mazishi, kwa hiyo hakumshangaa.

Mpima aliingiza pale duara dogo na neno *kaburi* kwenye faili yake. Akahifadhi. Kwenye kompyuta ya injinia kijisanduku kikatokea, akapakia, akaona duara limekaa katikati ya barabara yake ya kuingilia. Hakulalamika. Alikata mstari, akaupinda upande wa mashariki, akasogeza mtaro, akahesabu upya mwinuko. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikitazama. Ulikuwa mpindo mzuri, usio na kelele, na nilimwambia hivyo.

"Nimesevu," alisema. "Pakia."

"Nimeona," nilijibu, na kweli nilikuwa nimeona. Kwenye skrini yake.

Ijumaa hiyo nilikwenda Zuzu mwenyewe. Sikuwa na kazi ya lazima huko. Nadhani nilitaka kushukuriwa. Mama alikuwa mwembamba, amejifunga kitenge kichwani, na Kiswahili chake kilipita kwanza kwenye Kigogo kabla ya kunifikia. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza kwamba barabara tumeihamisha. Aliniuliza kama imeandikwa, au ni maneno tu. Nikamwambia imeandikwa, na wajenzi hufuata kilichoandikwa. Aliitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akanielekeza nizunguke kichaka, nisipite katikati, nami nikazunguka.

Jumatatu nilitoa toleo la tatu kwa ajili ya mkandarasi. Nilifungua laha. Hakuna kijisanduku kilichotokea pembeni, na ule ukimya niliuchukulia kuwa kila kitu kiko sawa. Kwenye kona ya fremu nilifuta herufi B, ya toleo la pili, kwa mkono wangu nikaandika C, nikaongeza tarehe, na kwenye safu ya marekebisho nikaandika: *Barabara imehamishwa kukwepa kaburi.* Nikachapa. Barabara kwenye karatasi ilikuwa imenyooka kama rula. Sikuitazama. Mtu hatazami kitu ambacho ameshakiona.

Mpima alikuwa ameshaondoka kwenda Chemba kwa kazi nyingine. Injinia hakuiona karatasi, kwa sababu kijana wa mkandarasi aliichukua mezani kwangu. Kila mmoja wao, kama angefungua faili yake saa yoyote, angekuta kila kitu mahali pake.

Greda lilipita Alhamisi. Habari tuliipata kwa simu ya msimamizi wa ujenzi, ambaye hakuwa na habari ya kutupa; aliuliza tu kwa nini maelezo ya pembeni yanataja kaburi na yeye halioni kwenye mchoro. Nilifungua laha na kuita orodha ya rejea. Orodha ilikuwa tupu. Injinia alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu safari hii. Alitazama leya, yale matabaka ya mchoro, akaona majina ya faili zetu yamebandikwa kwa alama ya dola mbele ya kila leya, alama ambayo rejea iliyofungwa huacha.

"Ulifunga," alisema.

"Nilifunga."

Alirudi kwenye kiti chake, akachukua pochi, akatoka nje, na nilisikia hatua zake zikishuka ngazi hadi chini.

Tulikwenda Zuzu mimi na mpima, aliyerudi kutoka Chemba usiku uleule kwa sababu ya jambo hili. Njiani hakuniita bosi. Barabara ilikuwa imekatwa chini kiasi cha mita moja, nyekundu, safi, imeshindiliwa. Udongo uliotoka hapo ulikuwa umepelekwa kujaza bonde upande wa karakana, pamoja na udongo mwingine wote. Mama alikuwa ameketi ukingoni na dada yake. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilianza kueleza kuhusu faili, Mungu anisamehe, nilimweleza mama yule kuhusu faili, na alinisikiliza kwa adabu hadi nilipoishiwa.

Kisha alimgeukia mpima na kumwomba amwonyeshe mahali.

Mpima alisimamisha chombo chake. Namba bado alikuwa nazo. Alinisogeza nikiwa nimeshika kioo cha kupimia, kushoto, nyuma, kushoto kidogo, hadi akasema hapo, na nikapigilia kigingi katikati ya barabara. Alikuwa sahihi, pengine kwa upana wa kidole. Mama alishuka, akasimama kando ya kigingi, akagusa udongo kwa kiganja.

"Ni hapa?"

"Ni hapa, mama," mpima alisema. "Ila alikuwa juu zaidi." Akaonyesha kwa mkono, usawa wa paja lake.

Mama alitazama ule mkono uliokuwa hewani. Mimi ndiye niliyeanza kusema, kama kawaida yangu. Nilimwahidi kwamba barabara itahamishwa kama ilivyochorwa, mkandarasi atarudishia udongo, tutajengea mahali pale ukuta mdogo. Nilikuwa tayari kulipia mwenyewe.

"Usihamishe," alisema. "Mtazunguka nini, mwanangu? Hayupo."

Alimshika dada yake mkono, wakavuka reli kurudi kwao. Hawakugeuka.

Kwa hiyo injinia aliinyoosha tena barabara kwenye faili yake, akahifadhi, akaniambia. Laha nilikuwa nimeijenga upya, rejea zote zikiwa hai, na kijisanduku kilitokea kama kinavyopaswa. Nilipakia. Barabara ikanyooka, na chini yake likabaki duara la mpima. Nilimwendea mezani kwake nikamwomba aliondoe, kwa sababu toleo la mwisho haliwezi kwenda na kaburi katikati ya lami.

"Mimi nachora nilichokikuta," alisema. "Nililikuta."

"Mzee, halipo tena."

"Faili ni yangu. Uliniambia hivyo mwenyewe."

Nilirudi kwenye kompyuta yangu. Kwenye laha sikuweza kulifuta, maana halikuwa langu, lakini leya yake ningeweza kuigandisha isionekane. Ni kubofya mara moja tu. Nilikaa na mkono kwenye mausi. Chini dukani mtu alikuwa anakata nondo. Kisha nilibadilisha herufi kwenye kona, nikalisoma kila neno la mchoro ule kutoka juu hadi chini, kila mstari, kwa kidole, na nikauchapa na duara lake.