Kisanduku Nyuma ya Kitanda

Nilipokuja Bariadi kufanyia kazi nyumbani kwa mama, intaneti ya laptop ilikatika kila nilipotoka nayo sebuleni kwenda chumbani. Katikati ya mkutano sauti za wenzangu zinapotea, nabaki nikiongea na skrini. Nikaapa sitaomba radhi tena mbele ya bosi.

Nilianza na ruta ya sebuleni. Ilikuwa inajiamulia kuisukuma laptop kati ya masafa yake mawili ya mawimbi, nikaizima tabia hiyo. Ikakata vilevile. Basi nikatembea na laptop mkononi, nikiangalia imeshika wapi. Iling'ang'ania ruta mpaka mawimbi yakaisha kabisa, ndipo ikahamia kwenye kisanduku cha pili, cha kupokea mawimbi ya ruta na kuyafikisha mbali, nilichokuwa nimekifunga koridoni. Mawimbi yakajaa, intaneti hakuna.

Koridoni kisanduku hakikuwepo. Nilikikuta nyuma ya kitanda changu. Kuta mbili za tofali za kuchoma zilikitenga na ruta, chenyewe kilikuwa hakiipati vizuri.

"Mayu, nani kakihamisha?"

"Mimi," mama alisema. "Kizuri anapewa mgeni."

"Mgeni gani?"

Alininyooshea kidole.

Nikakirudisha koridoni, katikati ya ruta na chumba. Nikapita kila chumba na laptop huku naongea nayo na mwenzangu wa ofisini, na sauti haikukatika. Kisha nikachukua ndoo, nikaenda kuchota maji bila kuambiwa. Mgeni hachoti maji.