Wateja Wangu Si Hewa

Ukurasa wa duka langu kwenye mtandao wa mauzo ulizimwa Jumanne asubuhi, nikiwa nimemkunjulia kitenge cha nne mteja ambaye hata cha kwanza hakukitaka. Simu ikalia, nikatupia jicho: "Ukurasa huu umezimwa kwa kushukiwa kuandikisha mauzo ya uongo." Chini yake palikuwa na kitufe cha rufaa, na onyo kwamba rufaa ni moja tu, na uamuzi wake ni wa mwisho.

Nilicheka. Mimi, mwongo? Nauza vitenge na khanga Masasi sokoni tangu nikiwa na meza moja ya mbao, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika kwamba nimempunja hata inchi. Mteja wangu wa kitenge cha nne akauliza kulikoni, nikamwambia ni mambo ya mtandao, yataisha jioni.

Hayakuisha jioni. Ilikuwa Novemba, korosho zimeuzwa, na Desemba shule zikifungwa ndipo mabinti wanapotolewa ndani unyagoni. Kila familia huchagua kitenge kimoja, na ndugu wote wa kike hukivaa siku ya kumtoa mwali. Watu wa Newala na Kitangari huchagua sare hizo kwenye ukurasa wangu, wakiwa hukohuko kwao juu mlimani. Bila ukurasa, Desemba yangu ilikuwa imekwisha kabla haijaanza, na nilikuwa nimeshajaza stoo.

Sababu niliijua baada ya kusoma maelezo yao mara ya pili, hasira zimepungua. Wiki mbili kabla, mama mmoja wa Kitangari alinipigia kuagiza sare ya binti yake. Nikamshauri aagize zote kwa oda moja, kwa jina lake. Alinikatalia kama nimemtukana.

"Mwanangu, sare hainunuliwi na mtu mmoja. Kila mmoja anunue kwa jina lake na mzigo wake uandikwe jina lake. La sivyo watu watasema nimewavalisha mimi, hawakuja kwa hiari yao."

Alisema kweli. Kwetu kitenge cha mwali ndilo daftari la mahudhurio. Basi akaweka simu sauti ya juu, akina mama wakapanga mstari upande wa pili, kila mmoja akitaja jina lake, nami nikajaza oda thelathini na tatu kwenye simu yangu, mfululizo, kitenge kilekile, mahali pa kupokelea palepale: stendi ya Newala. Fedha waliniletea taslimu kwa mkono wa shangazi wa mwali, nikabonyeza mwenyewe "imelipwa". Mzigo ulipofika nikapiga simu tena. "Kitenge kizuri?" "Kizuri sana!" Nikabonyeza nyota tano. Mara thelathini na tatu.

Mashine ya mtandao ikaona simu moja, ya muuzaji, ikijiuzia, ikijilipa na kujisifu. Ningekuwa mimi ndiyo mashine ningejifunga pingu.

Nikaenda steshenari iliyo mkabala na duka langu. Mwenye nayo ni dada niliyesoma naye, anayechapa barua za nusu ya mji huu, kuanzia za mashamba hadi za posa. Akaanza kuchapa kabla sijakaa: YAH: RUFAA YA KUFUNGIWA UKURASA. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

"Kisanduku chao kinapokea maneno machache," nikamwambia. "Ukimaliza salamu kimejaa."

Akafuta, akiguna. Tukaambatanisha leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, kitambulisho, na risiti ya mzigo wa basi. Kisha nikamwambia aandike kwamba oda nilijaza mimi, na nyota nilibonyeza mimi.

Mikono yake ikasimama. "Umechanganyikiwa? Hilo ndilo wanalokushutumu. Sema wateja walijaza wenyewe, basi."

"Wanajua ni simu yangu. Nikidanganya hapo, hata leseni wataiona ya kuchonga."

"Rufaa ni moja, shoga yangu."

"Ndiyo maana siitumii kudanganya."

Tulibishana mpaka mteja wake wa posa akaomba tumalize kwanza ugomvi wetu. Sikuyumba. Nina kichwa kigumu, mama yangu alinisema nikiwa mdogo na hajaacha. Ila dada alisema jambo moja lililonichoma: "Sawa, kiri. Lakini utaonyeshaje kwamba hao watu thelathini na tatu wapo?"

Kesho yake nilipanda basi la asubuhi kwenda Kitangari, mfukoni nina orodha ya namba za oda.

Akina mama walinipokea kwa vicheko, mpaka nilipoeleza. Nilisema mtandao unashuku wateja wangu ni hewa. Zikazuka kelele. Hewa! Neno hilo tunalijua kutoka redioni, watumishi hewa, wanafunzi hewa, lakini hakuna aliyewahi kuitwa hivyo akiwa amesimama na ndoo ya maji kichwani.

Bibi wa mwali, mkubwa kuliko wote pale, aliniita karibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hao waliosema sipo, wanakaa wapi?"

"Mbali, bibi."

"Watuone, basi. Ngoja nikavae."

Wakaenda kuvaa. Waliokuwa shambani wakaitwa. Wakasimama mbele ya nyumba ya mwali kwa kitenge kimoja, cha bluu chenye maua ya njano, kila mmoja ameshika karatasi yenye namba ya oda yake kifuani. Nikawauliza kama wanaridhia picha iende kwa watu wasiowajua. Bibi akasema ndicho alichovalia. Mmoja alikuwa ameshasafiri Mtwara, hivyo picha ina watu thelathini na wawili. Niliandika hivyo pia, bila kuazima jirani wa kujaza nafasi, ingawa majirani walijitolea kwa wingi.

Niliporudi steshenari tukamalizia barua, nusu ukurasa tu: "Mauzo ni ya kweli. Oda nilizijaza mimi kwa sababu wateja wengi hawana simu janja, na kwa mila yetu kila ndugu hununua sare kwa jina lake. Fedha nilipokea taslimu. Nyota pia nilibonyeza mimi baada ya kuwauliza; hilo ni kosa langu, naomba mzifute. Wateja ndio hawa pichani. Mmoja yuko safarini." Dada akabonyeza tuma, akakataa malipo, akasema hiyo ni rambirambi yake ya mapema.

Siku tisa nilikuwa naangalia simu kila nikikunja kitambaa. Ya kumi, jibu likaja. Nyota zote thelathini na tatu zimefutwa. Nimepewa onyo. Kuanzia sasa kila mnunuzi atatumiwa namba kwenye simu yake mwenyewe, hata ya kitochi, na oda haitahesabika mpaka ithibitishwe kwa namba hiyo. Ukurasa umefunguliwa.

Nilivuka barabara mbio. Dada wa steshenari alisoma jibu mara mbili, akanikumbatia, akasema yeye alijua tangu mwanzo. Nilimwacha na uongo wake, nilikuwa na furaha mno.

Oda ya kwanza iliingia kesho yake asubuhi kutoka Kitangari: khanga jozi moja, imethibitishwa. Jina lilikuwa la yule bibi. Nilijua kuna mjukuu aliyemwandikia, lakini maneno kwenye sehemu ya maelezo ya ziada hayakuwa ya mjukuu.

"Nimeagiza mwenyewe. Nipo."