Bia za Kununuliwa

Darasa la tatu niliacha, lakini hesabu hakuna aliyenidanganya. Duka la Kewanja nilijenga kwa kanuni moja: hesabu kinachotoka mfukoni mwako. Kanuni hiyo ndiyo iliyonikosesha upasuaji wa goti.

Daktari alisema sipasuliwi goti mpaka nipungue uzito. Madaktari wa mifupa wa kunipasua wangekuja baada ya miezi mitatu. Nesi wa kliniki, binti wa Iringa aliyepangiwa huku, akanipa kiwango: kalori elfu moja mia nane kwa siku, basi. Mke wangu akapima ugali kwa kikombe, akapunguza nyama, na mimi nikalala njaa kama mtoto wa kambo. Kila nikipanda mzani, mshale uko palepale. Ilipobaki wiki moja madaktari waje, nesi akanihoji.

"Shikamoo mzee. Unakunywa?"

"Marahaba. Bia moja moja. Lakini pombe si chakula, binti yangu."

"Moja kweli?"

"Ninayonunua ni moja."

Akacheka. "Na unazonunuliwa?"

Mzee wa umri wangu haingii mahali akakosa bia. Wakwe, wateja, vijana wa mgodini, kila mmoja ananiheshimu kwa chupa. Hizo sikuzihesabu. Si zangu.

"Mzee, tumbo haliulizi nani amelipa."

Akanieleza: gramu moja ya kilevi ni kalori saba, wanga na sukari ni nne. Bia ya nusu lita, kama mia mbili. Glasi ya mvinyo, mia na ishirini hivi. Nikamwambia pombe kali ni nyeupe kama maji, haina sukari. Akasema haina sukari ila ina kilevi kingi: kichupa kidogo kizima kinakaribia mia nne, na soda ya kuchanganyia inahesabiwa peke yake.

"Jumamosi ulikunywa nini?"

Bia tatu, na nusu ya kichupa cha pombe kali. Mia sita na mia mbili: mia nane. Mke wangu alikuwa amenilisha elfu moja na mia tano. Jumla elfu mbili na mia tatu. Siku hiyo nilimfokea kwamba ugali hautoshi.

Madaktari walikuja wiki iliyofuata. Nikapanda mzani, wakatikisa kichwa. Wakaondoka.

Ndiyo maana ng'ombe wa mahari ya binti yangu wa mwisho, kule Machochwe, sikuwakagua mimi. Baba ndiye anayeingia zizini. Mimi, kwa goti hili, niliwekwa kwenye kiti nje ya ua, mdogo wangu akaingia.

"Mura, wewe kijana, ng'ombe huyu anachechemea, mtoe!" nikamsikia akimfokea kijana wa wakwe.

Mama wa bwana harusi akaniletea bia, ya baridi, kwa mikono miwili.

"Kunywa, mkwe. Hii umenunuliwa."

"Mia mbili," nikasema.

Hakunielewa. Nikaipokea kwa heshima, nikaiweka chini karibu na fimbo yangu bila kuifungua, nikawa nasikiliza kwato za ng'ombe kule zizini.