Kurasa Tatu Bila Shikamoo

Mimi kazi yangu ni kuongea juu ya wazungu wakati wao wanaongea. Pale Katesh kuna kibanda umiza, watu wanaingia kuangalia filamu, na mimi nakaa mbele na maiki kuwatafsiria kwa Kiswahili. Darasa la saba ndiyo niliishia, Kiingereza changu ni cha kubahatisha, lakini mdomo ninao. Jambazi akikaa kimya mimi namsemea, "Hapa jamaa anawaza mama yake, amemkumbuka sana." Watu wanapiga makofi. Hakuna anayejua kama kweli alikuwa anamuwaza mama au anawaza kodi.

Hapo ndipo dada mmoja mwongozaji wa filamu alinikuta. Alitoka Dar kutafuta sehemu za kupigia filamu, akataka mwenyeji wa kumzungusha. Nikamzungusha. Tulipofika zile sehemu ambazo matope yaliporomoka kutoka mlimani yakafukia nyumba na watu, akauliza, "Siku ile wewe ulikuwa wapi?" Nikamwambia nilikuwa Gehandu kwa bibi, mama alikuwa Katesh sokoni, na simu yake haikupatikana siku nzima. Mama alirudi. Alirudi kwa miguu, matope mpaka kwenye nyusi, akatuambia hajaleta vitunguu. Lakini kabla hajarudi, hiyo siku nzima, mimi sijui niisimulieje.

Dada akanigeukia. Halafu akasema, "Hiyo ndiyo filamu. Kijana anamtafuta mama yake. Niandikie kurasa tatu za mwanzo."

"Tatu tu? Mimi nikianza siishii."

"Tatu. Ukurasa mmoja kwenye skrini ni kama dakika moja. Mwisho wa ukurasa wa tatu nataka nijue tuko wapi, nijue kama nicheke au niogope, na nijue huyu kijana anataka nini. Ukiniandikia vizuri, tunaiandika pamoja mpaka mwisho. Ikishindikana, namwachia mwandishi wetu wa mjini, na wewe tutakushukuru mwishoni pale kwenye majina."

Majina ya mwishoni nayajua. Pale kibandani yakianza kupanda, watu wanakuwa wameshatoka nje kukojoa.

Nikaandika kwenye simu, nikapeleka steshenari wakanitolea karatasi, nikampelekea kwenye gesti aliyofikia. Alikuwa anakula kwenye ukumbi mdogo pale karibu na jikoni. Akaweka kijiko chini, akasoma. Mimi nilisimama. 

"Mdogo wangu," akasema, "umeandika hapa, 'Kijana huyu ni mpole na tangu utotoni anampenda sana mama yake.' Hiyo 'tangu utotoni' kamera nitaiweka wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kwenye karatasi hii weka kinachoonekana na kinachosikika. Basi. Hakuna mtu wa maiki atakayekaa mbele ya skrini kuwaeleza." Akafunua ukurasa wa pili. "Na hapa kijana anaingia kwa bibi yake. Shikamoo. Marahaba. Habari za asubuhi. Nzuri. Za huko. Salama. Watoto hawajambo. Hawajambo. Ng'ombe je." Akafunua wa tatu. "Mbuzi je. Mvua huko kwenu je. Dakika tatu zimeisha na bado tunaulizana hali ya mbuzi!"

"Sasa dada, mtu ataingiaje kwa bibi bila kusalimia? Bibi zetu wakiona hiyo filamu watauliza huyu mtoto kalelewa na nani."

"Nakuelewa. Lakini mama yake yuko wapi humu ndani? Sijaona mtu anayetafuta kitu. Naona mtu mwenye adabu." Akanirudishia karatasi zangu. "Kesho mchana napanda basi. Asubuhi nisomee nyingine."

Nilirudi Gehandu na bodaboda, mvua inaanza. Sisi sasa hivi tunaishi kwa bibi, mimi na mama. Mama anashuka Katesh siku za soko, kama siku hiyo.

Nikakaa kwenye kibanda changu cha kulala, pembeni ya nyumba ya bibi, na simu mkononi. Nikafuta salamu zote. Nikasoma. Kijana anaingia, anasema, "Bibi, mama yuko wapi?" Ilikuwa mbaya, kama muuza sabuni anayepita nyumba kwa nyumba. Nikarudisha salamu. Ikawa ndefu tena. Nikazipunguza nusu, ikawa kijana mwenye adabu nusu. Nikaanza kumuona yule mwandishi wa mjini, ambaye hata hajawahi kukanyaga hapa, anamvalisha bibi yangu kanga mpya na kumfanya aongee kama mtangazaji wa redio. 

Mvua ikazidi. Hapa kwetu zamani mvua ilikuwa inafurahisha. Siku hizi ikipiga bati kwa nguvu watu wanapunguza redio, wausikilize mlima. Hakuna aliyetangaza tupunguze redio, lakini ukipita njiani utaona zimezimwa, na bibi anavaa mabuti ndani ya nyumba, anakaa nayo kwenye kigoda, anachambua maharage kama vile hakuna kitu. Nikampigia mama. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

Halafu nikasikia mngurumo.

Haukuwa radi. Radi inapasuka na kuondoka. Huu ulianza chini, ukaburuzika, mawe juu ya mawe, na haukuacha. Sikumbuki kutoka mle kibandani. Nakumbuka niko mlangoni kwa bibi, mguu mmoja una ndala, mwingine hauna.

"Bibi, mama amebeba simu?"

Mkono wa bibi ulisimama hewani. Maharage yakawa yanadondoka kutoka kwenye vidole moja moja, yanalia kwenye ungo. Aliniangalia, na sura yake sijawahi kuiona hivyo, ilikuwa kama imeshatokwa na uhai.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, bibi."

"Umeingia bila kunisalimia. Nani amekufa?"

Tukatoka nje wote wawili, yeye na mabuti, mimi na ndala moja. Kule barabarani lori la tipa lilikuwa limeinua mgongo, linamwaga mawe ya kutengeneza mtaro. Linamwaga taratibu, kwa raha zake, kama vile halijui linawafanyia watu nini. Bibi akashika nguzo ya mlango. Mimi nikataka kucheka, sauti iliyotoka sijui niiite nini.

"Basi salimia," akasema bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Siku nyingine ukiingia kwangu hivyo nitakuchapa na umri wako huo. Umenitoa roho kwa ajili ya lori!"

Mama akapiga baadaye, yuko njiani, simu iliisha chaji, anauliza kama chumvi ipo. Nilimjibu ipo. Sikuwa nimeangalia.

Nikarudi kwenye simu kabla giza halijaingia.  Lakini sasa nilikuwa najua. Salamu sitaziondoa. Nitaziweka zote ukurasa wa kwanza, ili ukurasa wa tatu niwanyime watu moja tu.

Nikaandika juu: NJE. NJIA YA KIJIJINI. ASUBUHI. Mawingu yamekaa juu ya mlima. Kijana anateremka na baiskeli. Anamsalimia mzee, shikamoo, mzee anaitikia. Anamsalimia mama mwenye ndoo, anashuka kabisa kwenye baiskeli. Anakutana na punda katikati ya njia, anavua kofia, "Shikamoo mzee." Punda hatoki. Watoto wanacheka. Mtu asiyetujua kabisa atakuwa ameshaelewa kwetu watu wanaishije, na huyu kijana ni wa namna gani, na sijamweleza kitu.

Ukurasa wa pili sikuweka maneno mengi. Mngurumo. Punda anageuza masikio. Yule mama anatua ndoo chini, anaangalia juu. Redio inazimwa ndani ya nyumba ambayo hatuioni. Kijana bado anatabasamu kidogo, halafu hatabasamu. Baiskeli inaanguka, gurudumu linazunguka peke yake.

Ukurasa wa tatu ni ndani, nyumba ya bibi. Ungo, maharage, na kijana mlangoni.

Asubuhi steshenari walipofungua nilikuwa mlangoni. Kijana wa pale akaangalia karatasi, akaniambia, "Mbona nusu ziko tupu? Unapoteza karatasi." Nikamwambia huo utupu ndiyo wa gharama.

Pale gesti dada alikuwa na begi miguuni tayari. "Hatusomi kimya," akasema. "Tunasoma kwa sauti, nasikiliza muda." Akamwita mama wa jikoni asome maneno ya bibi, mimi nisome ya kijana, yeye asome yale ya kuonekana. Mama wa jikoni akafuta mikono kwenye kitenge, akasema yeye hajui mambo ya sinema. Dada akamwambia asome tu kama anavyoongea.

Kwenye punda mama wa jikoni alicheka mpaka akashika meza. Dada hakucheka, aliendelea kusoma. Nikawaza basi, ndiyo naishia hapo, mimi ni wa punda tu. Ukurasa wa pili sauti yake ikashuka. Mama wa jikoni akaacha kucheka akaangalia dirishani, upande wa mlima. Hakujua kama ameangalia.

"Ndani. Nyumba ya bibi. Asubuhi," akasoma dada. "Bibi anachambua maharage. Kijana anasimama mlangoni. Anahema."

Ikawa zamu yangu. Nikaishika karatasi kama ninavyoshika maiki. Nilikuwa naogopa kusema maneno matatu niliyoyaandika mwenyewe. 

"Mama yuko wapi?"

Mama wa jikoni alitakiwa asome mstari wake. Hakuangalia karatasi. Aliniangalia mimi na kushika kifua.

"Nani amekufa?" akasema. Na ndicho kilichoandikwa pale.

 Jikoni kitu kilikuwa kinachemka na kumwagika, hakuna aliyeenda. Dada akafunua karatasi ya tatu, akaangalia nyuma yake, nyeupe. Akaigeuza tena kama vile amekosea.

"Ya nne iko wapi?"

"Uliniambia tatu."

"Najua nilikuambia nini. Ya nne iko wapi?" Akalisogeza lile begi kwa mguu chini ya meza, akanipa kalamu. "Basi lingine lipo jioni. Kaa. Tunaiandika wote."

Mama wa jikoni bado alikuwa amesimama. "Na mama yake je?" akaniuliza. "Yuko wapi?"

"Mama? Yuko nyumbani, ananidai ile chumvi niliyomwambia ipo."

"Sikuulizi wa kwako." Akagonga karatasi kwa kidole. "Nakuuliza wa humu."

Nikaishika kalamu. Ukurasa wa nne kijana anatakiwa atoke pale mlangoni aelekee mlimani kumtafuta mama yake, na mimi siku ile ya matope nilishindwa kutoka nikamtafute wangu. Nje wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mashamba. Nikaandika NJE, nikaweka nukta, na mkono ukakaa hapo hapo.