Upande wa Kuume wa Mdogo Wangu

Katika jamaa yetu, karatasi ya upasuaji haisainiwi na mke. Inasainiwa na kaka mkubwa wa mgonjwa, na kama kaka huyo amesoma chuo kikuu, inasainiwa kwa kuchelewa.

Mdogo wangu ni fundi wa injini katika karakana moja ya mtaa wa viwanda wa Shituru. Asubuhi ile kulabu ya mnyororo wa kunyanyulia injini ilichomoka, ikayumba, ikampiga kwenye panja la kuume. Wenzake walisema alilala chini kama dakika mbili bila kujibu, kisha akaamka na kuuliza nani amezima redio. Tulipofika hospitali, mimi kutoka nyumbani na mke wake kutoka sokoni, alikuwa ameketi kitandani anawatania wauguzi. Mimi na mke wake hatukusalimiana. Hatukuwa tumesalimiana vizuri tangu siku ya posa, niliposoma hotuba ya kurasa nne mbele ya wazazi wake na katikati yake nikawasahihisha Kifaransa.

Daktari hakucheka utani wa mgonjwa. Alisema mtu anayezimia, akaamka, akaanza kutania ndiye anayemtia hofu, akaagiza picha ya kichwa papo hapo.

Hospitali ile humpa ndugu wa mgonjwa filamu aipeleke mwenyewe kwa daktari. Fundi wa picha, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinikabidhi bahasha. Akaniambia niende mbio na nisiifungue. Niliifungua kabla sijafika nusu ya ukumbi, nikaona kijivu kingi, nikaifunga tena kwa uso wa mtu aliyeelewa.

Daktari aliibandika filamu kwenye kisanduku cha taa na kutueleza haraka, sisi wawili tumesimama mbali kadiri chumba kilivyoruhusu. Safu ya juu ilikuwa ya mifupa. Alionyesha mstari mweusi, mwembamba, ulionyooka kwenye mfupa wa panja. Mishono ya asili ya fuvu hujipindapinda, alisema, na huu haukujipinda, kwa hiyo ni ufa. Safu ya chini ilikuwa ya ubongo wenyewe. Pale pale chini ya ufa palikuwa na kitu cheupe kilichovimba pande zote mbili kama haragwe, kimeegemea mfupa. Damu mbichi huonekana nyeupe, alisema. Hiyo ilikuwa kati ya mfupa na utando wa ubongo, kutoka kwenye mshipa uliochanika, na ilikuwa inaongezeka. Kama ingekuwa chini ya utando ingetandaa nyembamba kama mwezi mchanga. Upande huo mikunjo ya ubongo ilikuwa imefutika kwa kubanwa na kuvimba, chumba cha maji ya ubongo kimekuwa chembamba kama uzi, na mstari wa katikati umesukumwa. Upande wa pili palikuwa na vidoa vyeupe vyenye ukingo wa kijivu cheusi: ubongo ulikuwa umejigonga huko ukachubuka. Vidoa vitasubiri, alisema, haragwe halisubiri. Akaandika saa kwenye karatasi ya upasuaji, akaniachia kalamu, akaenda kuandaa chumba cha upasuaji.

"Shemeji, saini," mke wa mdogo wangu alisema.

Sikusaini. Niliisogelea filamu nikavaa miwani. Nimeandika makala kuhusu watu wanaoamini kila wanachoambiwa na wenye makoti meupe, na sikutaka kuwa mmoja wao mbele ya mwanamke huyu. Nikaona jambo. Mdogo wangu alipigwa kuume, na lile haragwe lilikuwa kushoto mwa picha. Nikatangaza kwamba hii si picha yake, kwamba wamechanganya watu, na kwamba kichwa cha ndugu yangu hakitatobolewa kwa damu ya mtu mwingine. Jina lake lilikuwa limechapwa pembeni. Nikasema majina huchapwa na watu, na watu hukosea.

Mke wake alisema atasaini yeye. Muuguzi aliyekuwa mlangoni akamjibu kwa upole kwamba mke akisaini, jamaa ya mume huja kesho yake na mawe, wasubiri mkubwa. Nakiri kwamba neno hilo lilinifurahisha. Nikaagiza fundi wa picha aitwe. Mimi, niliyekuwa sijaagiza chochote hospitalini hapo zaidi ya maji ya kunywa.

Alikuja akifuta mikono.

"Weye njo unasema minye nachanganya bagonjwa?"

Nikamweleza kuume na kushoto kwa sauti ninayotumia kwa wanafunzi.

"Leo mashini imepiga mutu mumoja tu," akasema. "Ule mwingine uko naye weye, Profesa?"

Nikasema mashine nayo inaweza kugeuza. Hakubishana. Alinishika mkono wa shati, mbele ya wote, akanivuta hadi kwenye kitanda cha mdogo wangu na kunisimamisha miguuni pake.

"Angalia. Mukono yake ya kuume iko upande gani yako?"

Mkono wa kuume wa mdogo wangu ulikuwa kushoto kwangu.

"Photo ya kichwa tunaiangaliaka vile. Kama mutu anasimama kwa miguu ya mugonjwa. Na hii D yenye niliweka pembeni, ni ya droite, kuume. Uliona ni nini?"

Nilikuwa nimeiona. Nilidhani ni alama ya kiwanda cha filamu.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mdogo wangu alikuwa ameacha utani. Alinitazama kana kwamba anasubiri nitafsiriwe, akasema "Yaya," kama anavyomwita kaka yake tangu utotoni, kisha akatapika juu ya viatu vyangu. Muuguzi alimmulika machoni. Mboni ya kushoto ilisinyaa kwa mwanga, ya kuume ilibaki pana. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya shuka kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine. Mke wake alikuja na karatasi, akanitia kalamu katikati ya vidole na kuvibana juu yake.

"Saini, ama nivunje hii kidole."

Nilisaini na, kwa mazoea ya msomi, nikaandika saa kando ya jina langu. Kati ya saa ya daktari na yangu zilikuwa dakika ishirini na tano.

Walitoboa mfupa, wakaitoa damu, wakaufunga mshipa. Picha ya kesho yake haikuwa na haragwe. Palikuwa na tundu safi kwenye fuvu, kijivu cha uvimbe kilichobaki, na mstari wa katikati ukirudi taratibu. Alipozinduka aliuliza tena habari za redio. Ila mkono wa kushoto ulibaki mzito, na bado ni mzito. Nilimuuliza daktari, tukiwa peke yetu, kama ni kwa sababu yangu. Alisema ubongo ulikuwa umeshabanwa kabla, na hakuna anayeweza kusema dakika ipi ilifanya nini. Nililipenda sana jibu hilo. Nilimpelekea mke wa mdogo wangu kama zawadi, naye akalisikiliza bila kuacha kuchambua sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

"Docta hajui," alisema. "Minye nilikuwa pale."

Tangu hapo hafungi vifungo vya shati la mume wake siku ya Jumapili. Mkono mmoja hauviwezi. Analiacha shati kwenye kiti, anaingia ndani kujitayarisha kwa misa, na kila mtu nyumbani anajua linamsubiri nani. Nafika mapema. Mdogo wangu anainua kidevu, ananiambia nanukia kama karatasi za zamani. Vifungo ni saba, vidogo, na miwani yangu ni ya kusomea.

"Usikimbie, Shemeji," mke wake anasema kutoka chumbani. "Angalia muzuri kwanza, vile unapendaka."