Bi Chenji na Pesa Iliyokwepa Tozo

Walimwita Bi Chenji kwa sababu hakuna aliyewahi kwenda kibandani kwake akakosa chenji. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho na midomoni mwa mama mkwe wake, yule aliyemtoa ndani ya nyumba kabla mkeka wa matanga ya mumewe haujakunjwa. Shemeji zake waligawana vitanda, viti na hata masufuria. Yeye aliondoka na blanketi na watoto wawili. Aliuza sabuni za vipande kwa miaka, shilingi juu ya shilingi, mpaka akapata mtaji wa uwakala: kibanda cha mbao chenye nondo dirishani, meza, simu ndogo na laini ya kuwekea na kutolea pesa. Darasani hakukaa, lakini tarakimu alizijua kama anavyowajua wanawe.

Kibanda kile kiliwalisha. Halafu ikaja tozo ya serikali kwenye pesa za simu.

Kila anayetuma akatwe, kila anayetoa akatwe tena, na makato ya kampuni yapo palepale. Watu walisonya wiki ya kwanza, wiki ya pili wakaanza kutia noti kwenye soksi. Wakala wa ng'ambo ya barabara alivua fulana ya kampuni akaanza kuuza kuku. Wa karibu na kinu cha kusaga akafunga kabisa. Kwa Bi Chenji foleni ilikatika, kamisheni ikawa ya kununulia chumvi, naye akawa anapunguza mtaji kidogo kidogo ili watoto wale.

Waliobaki walikuja na ujanja. Badala ya kuweka pesa kwenye simu yako kisha uitume ukatwe, unampa wakala noti, naye anaiweka moja kwa moja kwenye namba ya huyo unayemtumia. Kuweka hakuna makato. Tozo ya kutuma imerukwa.

"Kampuni imekataza," Bi Chenji aliwaambia. "Wakikugundua wanafunga laini."

"Aa, Bi Chenji, nani atakuona humo ndani? Wenzako wote wanafanya. Au tukawape wao hizo kamisheni?"

Mwenye njaa hana mwiko. Alikubali mara moja, akakubali ya pili, na tangu siku hiyo kila pikipiki iliyosimama mbele ya kibanda ilimshtua. Mtu akija amevaa shati la kuchomekea, alidhani ni mkaguzi wa kampuni.

Mchana mmoja mpiga pasi wa jirani alikuja mbio, jasho linamtiririka, noti kazikunja mkononi.

"Bi Chenji, nisaidie. Mke wangu yuko kijijini, uchungu umemshika tangu jana, zahanati wamesema apelekwe hospitali kubwa. Gari lipo, ila dereva hawashi moto mpaka aone pesa ya mafuta."

"Lete simu niweke, umtumie."

"Nikatwe mimi, akatwe na yeye, ibaki ya nusu safari? Weka moja kwa moja, dada yangu. Nakuomba kwa watoto wako."

Mpiga pasi alimpa kipande cha boksi la sabuni alichoandikia namba ya dereva huku shemeji yake, aliyekuwa na mgonjwa, akimtajia kwenye simu. Bi Chenji akabofya. Kabla ya namba ya siri, jina likatokea.

"Huyu ndiye?" Akamwonyesha.

Mpiga pasi akakodoa macho. "Huyo dereva sisi tunamwita Mwendopole. Jina lake halisi nani analijua? Itakuwa ndilo. Weka!"

Akaweka. Laini yake ilibaki na pesa isiyofika hata bei ya mkate.

Simu ya mpiga pasi ililia kabla hajafika kwenye meza yake. Alirudi uso umemparara. Dereva hajaona kitu. Wakakitazama tena kile kipande cha boksi. Tarakimu aliyoisoma Bi Chenji kuwa saba ilikuwa moja iliyotiwa kofia.

"Weka nyingine basi!" mpiga pasi alisema. "Noti zangu si unazo hapo?"

"Noti ninazo. Laini haina kitu. Nitaweka nini, karatasi?"

Bi Chenji akavuka barabara mbio na zile noti. Muuza kuku akacheka kwa uchungu. "Salio nilitoa lote nikanunua vifaranga, shoga. Mpaka uende benki mjini." Benki ni mwendo wa gari, na foleni yake inajulikana. Pesa ilikuwa mkononi mwake, tena taslimu, na haikuwa na pa kupita.

Ilibaki njia moja: kuipigia kampuni waizuie pesa kabla yule asiyejulikana hajaitoa. Lakini angesema nini? Angekuwa mpiga pasi ametuma kwa simu yake mwenyewe, angekuwa na ujumbe wake, angeomba irudishwe, basi. Pesa hii ilitoka kwa wakala kwenda kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga kibandani. Kupiga simu ni kujipeleka. Aliwaza kodi ya chumba. Aliwaza shemeji zake watakavyosema, tulijua tu.

Simu ya mpiga pasi ikalia tena. Hakuipokea. Alichuchumaa chini ya dirisha akashika kichwa.

Bi Chenji akapiga.

"Nimekosea namba," alisema. "Nimeweka kwa mtu siye. Naomba mzuie, upesi."

"Pole, mama," msichana wa huduma alijibu kwa sauti laini kama siagi. "Mteja aliyekuwa anaweka yupo hapo na simu yake?"

"Yupo."

"Namba yake ni ipi?"

Mtu hakosei namba yake mwenyewe mbele ya wakala. Angeweza kudanganya, lakini kila uongo ungekula muda, na muda haukuwa wake.

"Hakuwa anaweka kwake," alisema. "Alikuwa anamtumia mtu. Niliweka moja kwa moja."

Vidole vya msichana vikasikika vikigonga. "Asante kwa ukweli, mama. Pesa haijatolewa, nimeizuia. Tunampigia aliyeipokea, akikubali inarudi kwako. Usikate."

Alisubiri huku muziki wa kampuni ukimwimbia sikioni. Mpiga pasi hakuwa anapumua, au yeye ndiye hakuwa anasikia. Mwishowe pesa ikarudi. Bi Chenji akaiweka kwenye simu ya mpiga pasi, akamsomea namba ya dereva tarakimu moja moja, mpiga pasi akatuma mwenyewe, akaongeza noti ya kulipia tozo bila kunung'unika. Gari likaondoka.

Kabla jua halijazama habari zikaja: mtoto wa kike, mama mzima. Mpiga pasi alimshika Bi Chenji mikono yote miwili akalia kama mtoto.

Laini ya Bi Chenji ilikuwa imeshafungwa. Ujumbe ulisema imesimamishwa hadi uchunguzi ukamilike, na mkaguzi atapita kuangalia miamala yake yote ya nyuma. Yote. Bi Chenji alijua ni ngapi kati ya hizo zilikuwa za moja kwa moja, na hakuna hata mmoja wa waliombembeleza aliyekuja kusema naye.

Mwisho wa mwezi alimwona mpiga pasi akimkabidhi kondakta wa basi bahasha ya matumizi ya mke na mtoto. Hakuna wakala mtaani, alisema akiangalia pembeni, na kondakta hakati tozo.

"Na akiila?" Bi Chenji aliuliza.

"Usiniombee mabaya."

Basi likaondoka na bahasha. Pikipiki ikasimama mbele ya kibanda, akashuka mwanamume mwenye shati la kuchomekea, mkoba begani, akawa anasoma namba zilizoandikwa juu ya milango. Bi Chenji akajifunga kanga vizuri, akafungua mlango kabla hajabishiwa hodi.