Mukia ya Robe ya Ndoa

Yaya Lydie, dada wa mutaa wetu wa Kampemba, anatengeneza matangazo ya Instagram kwa simu. Mama Laurentine, mushonaji, alimupa picha ine za robe za ndoa, manguo marefu ya bibi-arusi. Lydie akazitia zikifuatana, namba ya simu kwa picha ya mwisho, lakini bantu baliishia kwa ya kwanza, habakuvuta zingine. Hakuna muntu alipiga simu.

"Nitapeleka kazi kwa mwengine," mama akasema.

Lydie akapiga picha moja ndefu ya robe, mukia yake, kitambaa kirefu cha nyuma, imetandazwa chini, akaikata ile picha kwa simu vipande vine sawasawa, namba kwa cha mwisho.

"Ee Lydie! Umekatakata robe yangu!"

"Mama, vuta na kidole," Lydie akasema, akimupa simu.

Akavuta. Mukia ikaendelea, picha kwa picha, bila kuvunjika, mpaka kwenye namba. Akarudi mwanzo, akavuta tena.

"Tia hii," akasema.